Mkufu wa Gramu Kumi na Kipini cha Bibi

Mwahija Likwata alianza biashara na pweza. Kabla hajawa na shamba la ufuta, kabla hajawa na nyumba ya bati pale Kilwa Kivinje, alikuwa ananunua pweza kwa wavuvi wa Kinjumbi na kuwauzia mawakala waliokuja na mizani yao ya kuning'iniza. Huko ndiko alikosoma. Alijifunza kwamba mizani ina ulimi kama binadamu, nao unaweza kufundishwa uongo. Alijifunza pia kwamba pweza akilazwa kwenye maji baridi usiku kucha huyanywa, na asubuhi anaongezeka kilo. Na kwa kuwa yeye hakuwa malaika, mwaka mmoja aliwahi kuuza pweza walevi wa maji kwa wakala aliyekuwa anamwibia kwenye mizani, na hesabu zao zikawa sawasawa.

Kwa hiyo siku ya posa ya mwanawe Shamte, bibi harusi, Fauzia, aliposema anataka mahari ya mkufu wa dhahabu gramu kumi, karati ishirini na moja, Mwahija hakusubiri wanaume wajadiliane. Alisema yeye mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwa sauti iliyofika mpaka uani: "Gramu kumi, ishirini na moja. Hazitapungua hata kwa uzito wa unywele."

Shangazi wa bibi harusi, Bi Somoe, alimtazama kwa jicho la pembeni. "Tutapima, Bi Mwahija. Usione tunakudharau. Dada yake huyu Fauzia aliletewa mkufu unameta, baada ya miezi minne ukamwachia alama ya kijani shingoni. Safari hii tunapeleka kwa sonara kabla ya ndoa."

"Pimeni. Leteni na mizani ya korosho mkitaka."

Watu walicheka, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mahari pungufu ni deni shingoni mwa mume, na huyo mume ni mtoto wake. Tena neno lenyewe alilitoa yeye, mwanamke ambaye Kivinje nzima inajua hauziwi kitu kibovu. Shamte, fundi wa kujenga, alileta akiba yake. Mama akajazia na pesa za ufuta. Zikatimia milioni mbili na laki tano kamili, na shilingi ya ziada haikuwepo.

Ndoa ilikuwa Ijumaa. Jumatano asubuhi Mwahija aliteremka Lindi mjini pamoja na wifi yake Sauda, pesa zikiwa zimefungwa kwenye kanga ya ndani, nauli ya kurudi ikiwa kwenye pochi peke yake.

Walianza kwa Fundi Klementi kwa sababu ndiye waliyeelekezwa kwanza. Alikuwa mzee wa Kipatimu, Mkatoliki, aliyejifunza usonara Mtwara ujanani akaja kufungua kibanda karibu na soko. Kibanda chenyewe hakikuwa na mvuto: meza iliyoungua ungua, mizani ndogo ndani ya kisanduku cha kioo, na ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki:

LEO, GRAMU MOJA
Karati 24: 272,000
Karati 21: 238,000
Karati 18: 204,000
UFUNDI MBALI

"Ufundi mbali maana yake nini?" Sauda aliuliza.

"Maana yake, mama, hiyo ni bei ya dhahabu peke yake. Mkono ulioitengeneza nao unakula," Klementi alijibu. Akatoa mkufu wa pingili za kusokotwa, kazi nzuri kwelikweli. "Huu ni gramu kumi nukta sifuri tano. Ufundi wake elfu ishirini na tano kwa kila gramu."

Mwahija aliupokea, akautandaza kiganjani, akausogeza mlangoni kwenye mwanga. Uso ukamkunjamana.

"Fundi, mbona umepauka hivi? Kama mtu aliyetoka kuugua malaria."

"Hiyo ndiyo rangi yake."

"Rangi yake wapi? Dhahabu ni nyekundu." Akagusa kipini kilichokuwa puani mwake, kidogo, chekundu kama punje ya mtama. "Tazama hiki. Aliniachia bibi yangu aliyenilea. Miaka sitini kilikuwa puani kwake, arobaini hii kipo kwangu. Bibi alikuwa akisema, mwanangu, dhahabu ikikosa wekundu imekosa damu."

Klementi alikitazama kile kipini, akafungua mdomo, kisha akaufunga. "Biashara haigombi," alisema. "Zunguka, ukiridhika na kwangu utanikuta."

Mwahija akamrudishia mkufu. Nje alimwambia Sauda, "Anataka laki mbili na nusu za ufundi kwa kitu cha njano kama ndizi. Twende zetu."

Duka la pili lilikuwa la vioo, lina feni na taa nyeupe zinazomulika kila kitu mpaka pini za nguo zinang'ara. Muuzaji, kijana aitwaye Nassibu, aliinuka kabla hawajakanyaga kizingiti.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba. Tunataka mkufu, gramu kumi, ishirini na moja."

Nassibu alichomoa mmoja, akautupia juu ya kitambaa cheusi. Sauda alivuta pumzi. Ulikuwa mnene kama kamba ya ngalawa, na mwekundu, mwekundu haswa, kama kipini cha Bibi.

"Huu sasa ndio dhahabu," Mwahija alisema kabla hajajizuia. Kosa hilo kwenye pweza asingelifanya. Mnunuzi anayesifu bidhaa mbele ya muuzaji ameshapandisha bei mwenyewe.

"Mama unajua vitu," Nassibu alisema. "Wengine wanaleta zile zilizopauka. Huu nakupa elfu mia mbili kumi na tano kwa gramu, na ufundi bure. Angalia na chapa yake." Akaugeuza mkufu, akawaonyesha kifungio. Kwenye kibati kidogo pale palikuwa na namba: 875. "Hiyo ndiyo ishirini na moja. Mia nane sabini na tano katika elfu."

Akauweka mkufu kwenye mizani. Namba zikarukaruka: kumi nukta tatu nane, kumi nukta tano mbili, kumi nukta nne tano.

"Zima feni," Mwahija alisema.

"Mama?"

"Feni, mwanangu. Mizani hii inapima punje, na wewe unaipulizia upepo. Na hicho kikaratasi cha bei kitoe, sikuja kununua karatasi."

Nassibu alicheka cheko la mtu aliyekamatwa kidogo. Feni ikazimwa, kikaratasi kikakatwa, mizani ikarudishwa sifuri, ikatulia kwenye kumi nukta nne. Mwahija akapiga hesabu kichwani: milioni mbili, laki mbili na elfu thelathini na sita. Akaanza kazi yake. Alikohoa, aliinuka, aliketi tena, aliulizia njia ya kwenda duka jingine, na mwisho walifikia milioni mbili na laki mbili. Kanga ya ndani ikaanza kufunguliwa. Laki tatu zinabaki! Kwa laki tatu angelisha wageni wa Ijumaa mpaka wapungukiwe matumbo.

"Wifi, umemnyoa kijana wa watu," Sauda alinong'ona.

Na hapo, noti zikiwa mkononi, jambo moja lilimkaa vibaya. Kule kwa mzee, dhahabu tupu bila mkono wa mtu ilikuwa laki mbili na thelathini na nane. Hapa, dhahabu na mkono wake, haifiki laki mbili na kumi na mbili. Katika maisha yake yote ya sokoni Mwahija hajawahi kukutana na mfanyabiashara aliyepata hasara kwa sababu ya kumpenda yeye. Wakala aliyekuwa akitangaza bei ya juu kuliko wenzake, huyo ndiye aliyekuwa akila kwenye mizani. Hapa mizani ameishika mwenyewe. Basi huyu anakula wapi?

"Niandikie risiti," alisema. "Andika uzito. Andika karati ishirini na moja. Andika bei ya gramu, na ufundi andika bure. Na chini andika, ukipimwa kwa sonara mwingine ukakutwa chini ya hapo, pesa zinarudi."

Nassibu alichukua kitabu cha risiti, akaandika haraka, akampa. Mwahija hakuwa msomaji mkubwa, lakini risiti alizisoma vizuri kuliko barua. *Mkufu mmoja wa dhahabu. 2,200,000.* Basi.

"Karati iko wapi?"

"Mama, karati iko kwenye chapa. Chapa si inatosha?"

"Kama inatosha kwenye kibati, itatosha na kwenye karatasi. Wino wako unaisha?"

"Ni utaratibu wa bosi. Hatuandiki karati."

"Basi tuukwangue hapa ndani kwenye pingili, tuutie dawa ya kupimia, tuone."

"Aah, mama, utauharibu mkufu. Bosi hataki."

Mwahija alizikunja noti zake taratibu. Hakugomba. Alirudisha mkufu juu ya kile kitambaa cheusi, akauangalia mara moja tena kama mtu anayeangalia samaki mzuri ambaye macho yake yameshaingia ndani.

"Bosi wako namsalimu," alisema. "Mwambie kalamu yake inamjua kuliko chapa yake."

Njiani Sauda alilalamika mpaka kandambili zikachoka. "Mkufu mwekundu vile, mzuri vile! Sasa tunarudi kwa yule wa malaria?"

"Tunarudi. Na wewe ukifika pale nyamaza, mimi nikiwa nimekosea sipendi mashahidi."

Klementi aliwapokea kwa macho juu ya miwani, hakusema "nilikwambia". Mwahija alimhesabia hilo kama punguzo la kwanza.

"Fundi, nieleze jambo. Mtu akikuuzia ishirini na moja nyekundu, kwa laki mbili na kumi na tano, ufundi bure, yeye anapata nini?"

Mzee alisugua kidevu. "Mkufu huo sijauona, siwezi kumtia mtu dhambini. Lakini tazama ubao. Karati kumi na nane ni laki mbili na nne. Ongeza elfu kumi na moja ya ufundi, umefika laki mbili na kumi na tano. Hiyo si bei ya wizi, mama. Ni bei halali kabisa, ya karati kumi na nane."

"Na chapa? Nimeiona kwa macho yangu."

"Iko wapi? Kwenye kifungio?"

"Kwenye kifungio."

"Kifungio kinaunganishwa. Naweza kuchukua kifungio cha ishirini na moja nikakitia kwenye mkufu wa kumi na nne. Chapa inasema habari za kibati ilichogongwa. Pingili ndiyo unayovaa. Ulikuwa mnene?"

"Kama kamba."

"Gramu kumi tu na mnene kama kamba? Huenda na hewa imo ndani. Ukikaliwa unabonyea."

Mwahija aligusa kipini chake. "Na wekundu?"

"Wekundu ni shaba. Dhahabu safi ni ya njano. Fundi akitaka mchanganyiko uwe mwekundu anazidisha shaba, akitaka uwe wa njano anatia na madini ya fedha. Rangi ni uamuzi wa fundi, haipimi kitu. Wazee wetu walizoea zile sarafu za paundi za kale, zilikuwa karati ishirini na mbili na zimetiwa shaba, ndiyo maana zilikuwa nyekundu. Wakakariri rangi, karati wakaisahau."

Sauda alikuwa ameahidi kunyamaza, na alinyamaza, ila alimkodolea macho wifi yake puani.

"Pima," Mwahija alisema. "Anza na mkufu wako. Kipini tutaona."

Klementi alitoa jiwe jeusi, laini kama sabuni. Safari hii Mwahija alikataa ule wa kusokotwa, akachagua mwingine wenye pingili za kawaida, usio na mbwembwe. Mzee akausugua kwenye jiwe, pingili ya katikati siyo kifungio, ukaacha mstari wa njano. Pembeni yake akasugua sindano yenye ncha ya karati ishirini na moja, ikaacha mstari wa pili. Akachovya kijiti cha kioo kwenye kichupa cha tindikali, akapitisha tone juu ya mistari yote miwili.

"Tusubiri. Ukiwa chini ya ishirini na moja, mstari wake utaanza kufifia mbele ya mwenzake."

Walisubiri. Mistari ikabaki pale, huwezi kuutofautisha mmoja na mwingine, kama mapacha.

Mwahija akakishika kifungio, akakijaribu mara tano kufunga na kufungua. Akaupitisha mkufu wote katikati ya vidole akitafuta pingili iliyoungwa vibaya. Kisha akausogeza kwenye mizani, mlango wa kioo ukafungwa. Kumi nukta moja nane.

"Ufundi?"

"Huu ni wa mashine, siyo ule wa kusokotwa. Elfu kumi na nane kwa gramu."

"Kumi."

"Kumi sipati hata gesi ya kuchomelea."

"Fundi, kwenye dhahabu sijakugusa, ni bei ya dunia, nimeiacha kama ilivyo kwenye ubao. Lakini siku mkwe wangu akipata shida akaja kukuuzia mkufu huu, ufundi utamlipa?"

Klementi alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Silipi. Nitalipa dhahabu. Ufundi unaishia siku ya kununua."

"Basi sababu gani niweke pesa nyingi kwenye kitu kinachokufa leo? Kumi na mbili."

"Kumi na tano, na risiti naandika kila kitu."

"Risiti ungeandika hata hivyo. Kumi na tano, haya."

Mzee akapiga hesabu kwenye karatasi ili wote waone. Dhahabu: milioni mbili, laki nne, ishirini na mbili elfu, mia nane arobaini. Ufundi: laki moja, hamsini na mbili elfu na mia saba. Jumla: milioni mbili, laki tano, sabini na tano elfu, mia tano arobaini.

Mwahija alikuwa na milioni mbili na laki tano.

"Huna mwepesi zaidi?"

"Ninao wa tisa nukta sita."

Tisa nukta sita. Bi Somoe angezitangaza kwa fahari gramu zile zilizopungua. Sauda alifungua pochi akaonyesha nauli, Mwahija akaifunga kwa mkono wake. "Tutarudi Kivinje kwa miguu?" Akashika pua, akakizungusha kile kipini, kikagoma kidogo, kisha kikatoka.

"Wifi!" Sauda alisema. "Cha Bibi!"

"Bibi hayupo. Mahari ipo." Akakiweka mezani. "Kisugue."

Mstari wa kipini ulitoka mwekundu juu ya jiwe. Klementi akasugua pembeni yake sindano ya ishirini na moja, akatia tone. Haikuchukua muda. Mstari mwekundu ukageuka kahawia, ukayeyuka kama chumvi kwenye mchuzi, na wa pembeni ukabaki peke yake. Akajaribu tena kwa sindano ya chini zaidi na dawa nyepesi, kisha akakipima.

"Karati kumi na nne," alisema kwa upole. "Nukta sita ya gramu. Ninaponunua cha kuyeyusha nakata kidogo, kwa sababu kuna upotevu. Nitakupa laki na arobaini kwa gramu. Elfu themanini na nne."

Mwahija alikaa akilitazama lile jiwe. Maisha yake yote alikuwa akipimia dhahabu za watu kwa kipimo kilichokuwa puani kwake, na kipimo chenyewe kilikuwa kimekunywa shaba kama pweza walevi wa maji. Bibi hakusema uongo. Aliuziwa, akaamini, akarithisha. Mtu wa kwanza kudanganywa alikuwa amekufa zamani, na aliyemdanganya naye pia.

"Nilidhani ni laki moja na nusu," alisema.

"Kingekuwa ishirini na moja, ungekaribia."

"Haya, kwa bei ya karati yake nakuuzia. Nirudishie chenji yangu." Chenji ilikuwa elfu nane, mia nne sitini. Akawanunulia wote watatu soda, Klementi akiwemo, na hakuna mtu Lindi aliyewahi kumwona Mwahija Likwata akimnunulia soda mtu aliyemuuzia kitu.

Ijumaa, kabla ya khutba ya ndoa, mkufu ulipelekwa kwa wanawake chumbani. Bi Somoe aliuinua dirishani, na uso wake ukakunjamana vilevile ambavyo uso wa mtu mwingine ulikunjamana Jumatano.

"Bi Mwahija, mbona umepauka? Dhahabu tunayoijua sisi ni nyekundu."

Sauda alikohoa ndani ya kanga. Mwahija hakupandisha sauti.

"Shangazi, hata mimi nilikuwa naijua hiyo. Chukua risiti, bado kuna muda, nenda kwa sonara umpendaye mwenyewe. Mwambie asugue pingili, asisugue kifungio."

Lakini Fauzia alikuwa ameshaichukua ile karatasi. Aliisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anayesomea darasa: "Mkufu mmoja. Uzito gramu kumi nukta moja nane. Karati ishirini na moja, umepimwa kwa jiwe mbele ya mnunuzi. Bei ya gramu, elfu mia mbili thelathini na nane. Ufundi, elfu kumi na tano kwa gramu. Ukikutwa pungufu, fundi anarudisha pesa zote. Klementi." Na sahihi. Akamtazama shangazi yake. "Ule wa dada ulikuja na karatasi?"

"Haukuja na kitu."

"Basi mwaminifu huandika." Akaukunja mkufu kiganjani, akausikia uzito wake. "Waambieni wanaume, nimeridhika."

Macho ya Bi Somoe yakatua puani kwa Mwahija, penye kitundu kitupu.

"Na kile kipini chako, Bi Mwahija? Kile chekundu, kizuri kile?"

"Nimekiuza," alisema Mwahija. "Kwa bei yake."